Ramani mbili za sista mmoja

Mwaka 2016, serikali ilipokwisha kutangaza kwamba inahamia Dodoma, alikuja ofisini kwangu Magomeni muuguzi mmoja, bado amevaa viatu vyeupe vya kazini. Hakuzunguka. "Shikamoo mwalimu. Mimi mambo ya nyota siyaamini. Binamu yangu ndiye kanilipia, nikaona nisimvunje moyo." Nikamwitikia marahaba, nikamkaribisha kiti, nikamwambia akiwa na maswali aulize yote, hata yale ya kuudhi.

Kama kawaida nilimwomba tarehe, mahali na saa ya kuzaliwa. Akatoa kwenye pochi kadi ya kliniki ya mama yake, imekunjwa miaka mingi mpaka mikunjo imetoboka. Dar es Salaam, katikati ya Agosti 1987, na kwenye saa mkunga aliandika 2.00 kwa kalamu ya bluu. Hakuongeza asubuhi wala usiku. Kwetu sisi tunaosoma ramani za kuzaliwa, yaani picha ya anga ilivyokuwa saa mtu alipozaliwa, hapo ndipo kazi inapokwama mara nyingi kuliko pengine popote, kwa sababu kompyuta inataka saa za Kizungu. Saa mbili asubuhi ni 08:00, saa mbili usiku ni 20:00, na kama mkunga alifuata saa ya Kizungu, basi inaweza kuwa 02:00 au 14:00.

"Na hata hiyo mbili kamili usiiamini sana," sista akasema. "Ile saa tunaandika kazi ikishapoa. Mtoto kalia, kitovu kimekatwa, mama kaangaliwa, ndipo mtu anainua macho ukutani. Ikiwa imepita dakika kumi, nani atahangaika? Unaandika kamili." Nilimshukuru, maana wateja wachache wanajua hilo. Nyota inayochomoza mashariki, ambayo ndiyo inayopanga nyumba zote 12 za ramani, yaani mafungu yanayogawiwa mambo ya maisha kama kazi na ndugu, husogea digrii moja kwa takriban kila dakika nne, na baada ya kama saa mbili inakuwa nyota nyingine kabisa. Kosa la dakika kumi linavumilika. Kosa la asubuhi na usiku linaigeuza ramani juu chini.

Nikampa pendekezo. Nitachora ramani mbili, ya 08:00 na ya 20:00, nimsomee moja baada ya nyingine bila kumwambia ipi ni ipi, halafu ampigie mama yake simu Morogoro. Akakubali haraka. Nadhani alikuwa ameshaanza kulipenda jambo lenyewe.

Ramani ya kwanza niliyomsomea ilikuwa na Samaki anachomoza na Jua katika nyumba ya sita. Nikamwambia: watu wanakuletea matatizo yao nawe unayabeba hadi nyumbani; unasamehe upesi, kisha unaumia peke yako; kazi yako ni ya kuwahudumia wagonjwa na wanyonge, na mwili wako ndio unaolipa. Alikuwa ameanza kwa kukunja mikono. Kufikia hapo mikono ilikuwa imeshuka mapajani, na macho yalikuwa yamelowa. Akaniuliza taratibu, "Umejuaje?"

Nikamjibu kama ilivyo. La kazi nilililetewa na viatu vyake kabla sijafungua kompyuta. Nyumba ya sita kwa mapokeo yetu ni ya maradhi na utumishi, kwa hiyo nilifurahi kuiona, lakini singeitamka kwa uhakika ule kama angekuja na viatu vya kawaida. La kubeba matatizo ya watu, ni nani aliyelelewa vizuri katika nchi hii asiyejiona hivyo? Na la kusamehe kisha kuumia lina ncha mbili, msamehevu atalipokea na mwenye kinyongo atalipokea.

Ndipo nikamsomea ya pili, yenye Mashuke anachomoza na Jua katika nyumba ya 12. Unaona kosa dogo ambalo wenzako wanalipita. Unataka kitu kifanywe sawasawa, na mtu akikifanya ovyo unaudhika hata kama husemi. Kazi yako nyingi inafanyika mahali palipofungwa, watu wasikuone. Nyumba ya 12 kwa mapokeo ni ya hospitali, magereza na upweke. Sista akainama mbele. "Hiyo ndiyo mimi wodini. Ile ya kwanza ni mimi nyumbani."

Mashuke na Samaki ni nyota zinazotazamana, moja inapochomoza nyingine inazama. Vitabu vyetu vinazieleza kama tabia zinazopingana: mmoja mpangaji na mchambuzi, mwingine mlegevu wa mipaka na mwenye huruma inayofurika. Yeye alizipokea zote mbili, na kila moja akaitafutia chumba katika maisha yake. Nikaongeza jambo lililo sawa katika ramani zote mbili: sayari ya Zohali imerudi katika Mshale, mahali ilipokuwa alipozaliwa, kwa hiyo yupo kwenye mwaka wa kuamua kuhusu kazi, ndoa au mahali pa kuishi. Akapiga simu. Mama yake hakusita: asubuhi, baba yake ndiyo kwanza ametoka zamu ya usiku. Basi ramani iliyomtoa machozi haikuwa yake.

Alinyamaza, halafu maswali yakaja kama yanamwagika. La kwanza lilikuwa kama kuna mtu aliyewahi kulipima jambo hili kwa utaratibu, kama wanavyopima dawa, wengine wakapewa dawa yenyewe na wengine vidonge visivyo na kitu. Nikamwambia yapo majaribio, na mtu wa kazi yangu asiyeyajua bora ajifunze. Mwaka 1948 huko Marekani, mwalimu wa saikolojia aitwaye Bertram Forer aliwapa wanafunzi wake 39 maelezo ya tabia zao, akawaambia yametokana na mtihani waliofanya. Kila mmoja akayapima usahihi wake kutoka sifuri hadi tano. Wastani ulikuwa 4.26. Kisha wakagundua kwamba wote walipewa karatasi moja, maneno yale yale, ambayo Forer aliyachota kwenye kitabu cha unajimu kilichonunuliwa kibandani.

"Hapo walipimwa wanafunzi," akasema. "Wanajimu wenyewe je?" Swali zuri, nami nikamweleza jaribio la Shawn Carlson, lililochapishwa katika jarida la Nature mwaka 1985. Wanajimu 28, waliokuwa wanaheshimiwa na wenzao, walipewa ramani ya mtu pamoja na maelezo matatu ya tabia yaliyotokana na kipimo cha saikolojia, moja likiwa la mwenye ramani. Kazi ilikuwa kuchagua lililo lake. Walipata takriban moja kati ya tatu, yaani sawasawa na mtu anayebahatisha akiwa amefumba macho. Wapo wenzangu wanaobishana na namna jaribio lile lilivyopangwa. Mimi nimesoma hoja zao na sioni kama zinaiokoa ramani.

Kisha akaleta jambo lililokuwa likimsumbua tangu utotoni. Mama yake alimpeleka kwa mwalimu mmoja wa Tanga, akahesabu herufi za jina lake na la mama yake, akazitoa 12 12 mpaka ikabaki namba, na nyota ikatoka Nge. Magazeti yanamwita Simba kwa sababu ya Agosti. Daktari mmoja wa Kihindi kazini alimwambia yeye ni Kaa. "Sasa mimi ni nani, mwalimu? Na mbona zote tatu nikizisoma najiona?"

Hesabu ya majina haitazami anga kabisa, nikamwambia, kwa hiyo haina sababu ya kukubaliana na tarehe. Simba na Kaa zinatofautiana kwa sababu sisi tunaofuata njia ya magazeti tunaanza kuhesabu kutoka mahali Jua lilipo siku ya mwezi Machi ambayo usiku na mchana huwa sawa, na Wahindi wanaanza kutoka kwenye nyota zenyewe. Mhimili wa dunia unayumba polepole sana, na leo vianzio hivyo viwili vimeachana kwa takriban digrii 24. Jua la mtu wa katikati ya Agosti likiwa digrii ya 21 ya Simba kwetu, kwao bado liko mwishoni mwa Kaa. Kuhusu kujiona katika zote tatu, jibu alikuwa amelipata mwenyewe nusu saa iliyopita.

Hapo alinibana kwelikweli. "Lakini ulisema nipo kwenye mwaka wa kuamua. Hilo halina ncha mbili. Mimi nimepewa uhamisho wa Dodoma, na mchumba wangu ana kazi hapa bandarini."

Nikamrudisha nyuma tuangalie nilisema nini hasa. Nilisema Zohali imerudi katika Mshale, mahali ilipokuwa alipozaliwa, na kwamba kuna uamuzi kuhusu kazi, ndoa au mahali pa kuishi. Zohali hulizunguka Jua kwa takriban miaka 29 na nusu. Wote aliomaliza nao darasa la saba walikuwa na Zohali hapo hapo mwaka ule, na mwanamke wa miaka 29 Dar es Salaam ambaye hana neno la kuamua kuhusu kazi, ndoa au nyumba sijapata kukutana naye. Dodoma sikuitaja. Mchumba sikumtaja. Aliyaleta yeye, na mimi nikiwa kimya kidogo tu, mtu husahau nani aliyeyasema, akienda nyumbani anasimulia kwamba mnajimu alijua.

Hili ndilo linaloniuma zaidi katika kazi hii, nami nilimwambia kwa sauti iliyopanda kuliko nilivyotaka. Kuna watu mjini wanaofanya hivyo hivyo kwa makusudi. Anakwambia kuna mtu wa karibu anakuonea wivu. Nani hana? Unamtaja wifi, naye anakubali kwa kichwa, na kabla hujatoka umeshaambiwa umerogwa, zinatakiwa laki tano na kuku mweusi, na wifi hamsemeshani tena maisha yenu yote. Hisia ile ya kuguswa aliyoipata akisomewa ramani ya saa mbili usiku ni ile ile.

"Basi wewe unaendelea kwa nini?" Hakuuliza kwa dharau.

Nikamwambia sina ushahidi kwamba Zohali inamsukuma mtu, na sitamwambia mteja kwamba ninao. Nilijifunza kusoma ramani kwa marehemu babu yangu, naipenda hesabu yake na anga lake, na mtu akiketi hapa saa nzima akiulizwa kuhusu kazi, nyumba, ndugu na hofu zake kwa utaratibu wa nyumba 12, husema mambo ambayo hajamwambia mtu. Hayo nayaona. Ila maradhi, kifo, wizi na kesi sizisomi kwa mtu yeyote, na la Dodoma pia singelisoma.

Tulilimaliza kwa karatasi na kalamu. Akaandika yale asiyoyajua: posho ya uhamisho inalipwa lini, kama kuna nyumba ya mtumishi, kama mchumba anaweza kupata nafasi huko, na kama tarehe ya kuripoti inasogezeka. Hilo la mwisho hakuwahi kumuuliza matroni wake. Mwezi uliofuata binamu yake aliniambia kwamba aliuliza, na wamemruhusu aripoti Januari.