Nilivyojifunza kutofautisha nimonia na maji kwenye picha ya kifua cha mtoto

Nilipoanza kazi ya afisa tabibu katika hospitali ya wilaya, mkubwa wangu mmoja alinipa ushauri ambao mpaka leo unaniudhi: "Picha ya mtoto haina mambo mengi. Palipo nyeupe ndipo penye nimonia." Niliushika ushauri huo, na ukanikosesha.

Kosa la kwanza lilikuwa kwa mtoto wa miezi 8 aliyekuwa na mafua na kikohozi. Hakuwa na homa kubwa wala hakuwa anapumua haraka, ila mama yake alikuwa na wasiwasi, nikaagiza picha. Juu kulia, ubavuni mwa moyo, nikaona weupe wenye umbo la tanga la mashua. Nikamlaza. Siku 5 mtoto yule alichomwa sindano asubuhi na jioni, mama amelala sakafuni kwenye mkeka. Siku ya kumruhusu, mzee wa chumba cha eksirei akaiweka ile picha kwenye kisanduku cha taa, akaniuliza nimtajie ugonjwa. Nilipoonyesha lile tanga, akasema taratibu, "Kijana wangu, hiyo ni tezi ya thaimasi. Kila mtoto mchanga anayo."

Thaimasi hukaa mbele ya moyo na huonekana sana kwenye picha za watoto chini ya miaka 3. Ni laini, kwa hiyo ukingo wake hufuata mawimbi ya mbavu, na haisukumi bomba la hewa upande wowote. Mishipa ya pafu huonekana kupitia humo. Kumbe ningejua hayo matatu tu, mtoto asingechomwa.

Kuanzia siku ile nilimwomba mzee aniwekee picha za watoto waliothibitika kuwa wazima, mmoja wa miezi kadhaa na mwingine wa miaka kama 3. Kila picha mpya naiweka kando ya ile nzima ya umri unaokaribiana. Ndiyo mbinu iliyonifaa kuliko kitabu chochote. Kwenye picha nzima, pafu ni jeusi kwa sababu limejaa hewa, na ndani yake kuna mishipa myembamba inayopungua kadiri inavyokwenda pembeni. Kingo za moyo zinasomeka pande zote mbili. Kiwambo, ule msuli unaotenganisha kifua na tumbo, kimechorwa kama migongo miwili ya bakuli, wa kulia juu kidogo. Na pale kiwambo kinapokutana na ukuta wa mbavu pana kona kali, nyeusi, kama ncha ya kisu. Kona hiyo ndiyo naiangalia kabla ya kingine chochote.

(Kabla ya hapo lakini, hakikisha mtoto hakugeuka wala hakupigwa picha akiwa ametoa pumzi. Mtoto akilia, picha inayopigwa akiwa ametoa pumzi hufanya mapafu mazima yaonekane meupe na moyo mkubwa. Mimi huhesabu mbavu za mbele: nikipata 5 au 6 juu ya kiwambo, nasonga mbele.)

Sasa niwaeleze habari ya binti aliyenifunza zaidi. Alikuwa na miaka 3, ameletwa na bibi yake, homa siku ya nne, anapumua mara 58 kwa dakika wakati kwa umri wake 40 tu tayari ni haraka, na kifua kinabonyea chini ya mbavu. Picha ya kwanza ilipigwa amekaa. Chini kulia palikuwa na weupe wenye mawingu, na katikati ya weupe ule kulikuwa na vijia vyeusi vinavyogawanyika kama vitawi. Vijia vile ni mirija ya hewa. Kwa kawaida huioni, maana ni hewa ndani ya hewa, lakini vijifuko vya hewa vinavyoizunguka vikijaa usaha na majimaji, mirija inajitokeza. Ukiviona, ujue weupe huo uko ndani ya pafu. Mstari wa kiwambo upande ule ulikuwa umefutika, ila ukingo wa kulia wa moyo bado ulisomeka. Hiyo ilinionyesha kwamba kilichoathirika ni pande la chini la pafu, linalolala juu ya kiwambo. Lingekuwa pande la kati, ukingo wa moyo ndio ungepotea. Kona ilikuwa bado kali. Nimonia safi, tukaanza ampisilini na jentamaisini.

Siku ya tatu homa ilikuwa palepale. Bibi akaniambia, "Mwanangu, huyu bado. Hataki kulalia upande wa kushoto kabisa." Sikulitilia maanani neno lile. Nikaagiza picha ya pili, na kwa kuwa binti alikuwa hoi, ikapigwa amelala chali. Ikaja na ukungu mwepesi pafu lote la kulia, kama pazia la chandarua, mishipa inaonekana kwa nyuma. Nikaandika: "Nimonia imesambaa." Nilikuwa nakaribia kubadilisha dawa na kungoja.

Mzee alipoiona akaniuliza swali moja tu: "Umegonga kifua?" Nikarudi wodini, nikagonga. Kushoto palilia kama ngoma, kulia chini palikuwa pazito, kama unagonga gunia la mchele, na pumzi hazisikiki. Maji! Mtoto akilala chali, maji hutandaa nyuma ya pafu lote, ndiyo maana picha inatoa pazia badala ya mstari.

Tukamketisha, bibi akimshika mikono, picha ikarudiwa. Nusu ya chini ya kulia ilikuwa nyeupe tupu, sawasawa, bila hata kijia kimoja cheusi. Kona ile kali ilikuwa imezama. Ukingo wa juu wa weupe ulipinda ukipanda kuelekea kwapani, kama chai inavyopanda kwenye ukuta wa glasi. Bomba la hewa na moyo vilikuwa vimesukumwa kidogo kwenda kushoto. Hapo pana jambo la kuangalia: pafu likisinyaa pia huleta weupe, lakini hulivuta bomba la hewa kuja upande wake. Maji mengi hulisukuma liende mbali.

Watu husema "maji kwenye mapafu", ila maji haya hayako ndani ya pafu. Yako nje, kati ya pafu na ukuta wa kifua, na yakishakuwa usaha, sindano za dawa peke yake mara nyingi hazitoshi. Picha haiwezi kukuambia kama ni maji au usaha. Ultrasaundi ilituonyesha yalipo na kwamba ni mazito, kisha daktari akapitisha sindano juu kabisa ya ubavu wa chini, kwa sababu mishipa ya damu hupita chini ya kila ubavu. Ukatoka usaha wa manjano. Akawekewa mpira wa kutoa usaha kifuani, dawa zikabadilishwa kuwa kloksasilini na jentamaisini, na siku ya nne baada ya hapo homa ikakata. Gharama zote, picha tatu pamoja na mpira, familia iliuza mbuzi kadhaa.

Wiki moja baadaye mwenzangu alitaka picha nyingine kwa sababu binti alikuwa anacheza uani na yeye hakuamini. Nilikataa. Weupe huchelewa kuondoka wiki kadhaa hata mtoto akiwa amepona, na picha ile ingetutisha bure. Tulimpiga picha baada ya wiki 6. Pafu lilikuwa jeusi, kiwambo kimerudi, kona ya kulia imebaki butu kidogo tu. Niliiweka kando ya ile picha nzima ya miaka 3, nikamwita bibi aje aone.