Mdai alilipwa deni lake, lakini gharama za wakili hakupata: uzoefu wangu kortini Malindi

Nina karakana ya fanicha Malindi. Muuzaji wa mbao niliyefanya naye biashara kwa miaka alinishtaki korti ya hakimu akidai shilingi 1,240,000. Deni lenyewe, ila sehemu ndogo, sikulikana. Nilichopinga hasa ni kutwishwa gharama za kesi ambayo haikuwa na haja ya kufunguliwa, na hapo ndipo nilipofaulu. Naandika kwa sababu watu wengi wanaamini kwamba ukishindwa lazima ulipe na wakili wa mwenzako, na hapo mazungumzo yameisha. Kwa kawaida huwa hivyo. Kifungu cha 27 cha Sheria ya Mwenendo wa Madai ya Kenya kinasema gharama humfuata aliyeshinda, lakini hapo hapo kinaongeza: isipokuwa korti, kwa sababu nzuri, iamue vingine. Maneno hayo ya mwisho ndiyo yaliyonisaidia.

Kabla ya kesi nilikuwa nimemwomba yule muuzaji taarifa ya akaunti iliyosawazishwa, kwa sababu shehena moja ya mbao zenye nyufa, ya shilingi 96,000, niliirudisha na sikuiona imepunguzwa kwenye hesabu. Mtu wake wa mauzo alikuwa akinijibu kwa simu kwamba ofisi inaandaa. Nikangoja. Kilichofuata ni samansi.

Jambo la kwanza nililofanya ni kuijulisha korti kwa maandishi kwamba nitajitetea, ndani ya muda ulioandikwa kwenye samansi, kisha kuwasilisha majibu yangu katika siku 14 zilizofuata. Ukinyamaza, mwenzako anaomba hukumu bila wewe kusikizwa, na hukumu hiyo huja na gharama. Katika majibu yangu nilikiri shilingi 1,144,000 waziwazi, nikakataa zile 96,000 kwa kuambatisha karatasi ya kurudishia mzigo iliyotiwa sahihi na dereva wao, na nikaandika aya moja kwamba sikupewa ilani yoyote kabla ya kushtakiwa. Aya hiyo isipokuwemo tangu mwanzo, ukiileta mwishoni inaonekana kama umeibuni.

Kisha nikalipa. Kanuni za malipo ya mawakili nchini Kenya zinasema hivi, kwa maneno yangu: mdai asipompa mdaiwa ilani ya kusudi la kushtaki, na mdaiwa akalipa kiasi kinachodaiwa au kinachoonekana ni haki siku ya kusikizwa kwa mara ya kwanza au kabla yake, mdai hapewi gharama za wakili, ila hakimu akitoa amri maalumu. Masharti ni mawili na lazima yakutane. Mtu anayesema hakupewa ilani huku bado anazungusha deni hana pa kushika. Kwa hiyo nilikusanya pesa, nyingine nikakopa katika chama chetu cha akiba, nikaziweka moja kwa moja kwenye akaunti ya mdai wakati kesi ingali inatajwa tu, haijapangiwa siku ya kusikizwa. Stakabadhi ya benki niliipeleka kwenye faili na nakala kwa wakili wao.

Wakili wao akaniletea hati ya maelewano nitie sahihi. Ilisema deni limelipwa, zile 96,000 wameziacha pamoja na riba, kesi imekwisha, na mstari wa mwisho: "gharama kwa mdai". Mstari mfupi sana. Lakini maelewano yakishaingizwa kortini yanakuwa amri, na kuyavunja ni kazi ngumu, maana hakimu atakuuliza kama sahihi ni yako. Nilimwomba abadilishe iandikwe kwamba suala la gharama linaachiwa korti iliamue baada ya kusikiliza pande zote. Alisita, kisha akakubali. Nikitazama nyuma, hiyo ndiyo hatua iliyobeba mengine yote.

Hapo ndipo likaja suala la barua. Walisema walinitumia barua ya madai miezi kadhaa kabla, na kweli nakala ilikuwamo miongoni mwa nyaraka zao, kwa sababu kanuni zinamtaka mdai aambatishe barua hiyo anapofungua kesi. Kuambatisha nakala na kuifikisha kwa mtu ni mambo mawili tofauti. Nilisoma anwani: sanduku la posta ambalo karakana yangu haijawahi kulitumia. Nikakusanya oda zangu za ununuzi, kila moja ina sanduku langu na nambari ya simu kichwani, na ankara zao wenyewe zilizotumia sanduku hilo hilo langu. Wao hawakuwa na stakabadhi ya rejista, wala sahihi ya mpokeaji, wala kiapo cha aliyeipeleka.

Jumbe za simu na yule mtu wa mauzo nilizichapisha. Korti haipokei picha za simu hivi hivi. Kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi kinataka cheti kinachoeleza kifaa kilichotumika na jinsi nakala ilivyotolewa. Nilikiandika, nikakitia sahihi, nikaapa hati ya kiapo mbele ya kamishna wa viapo, vyote vikaingia pamoja.

Wakili wao alisimama akasema, "Mheshimiwa, mteja wangu ameshinda. Amelipwa kwa sababu alishtaki." Ni hoja yenye uzito, siidharau. Mtu anayelipwa baada tu ya kwenda kortini ana haki ya kusema korti ndiyo iliyomlipa. Mimi nilijibu kwa uamuzi wa Mahakama ya Juu katika kesi ya Jasbir Singh Rai, wa 2014: gharama humfuata mshindi, nazo si adhabu kwa aliyeshindwa bali ni fidia kwa taabu ya mshindi, ila hakimu anaongozwa na haki na anatazama mwenendo wa pande zote kabla ya kesi, wakati wa kesi na baada yake. Nikamwomba atazame mwenendo wa kabla: mnunuzi anaomba hesabu, anaambiwa subiri, kisha analetewa samansi.

Hakimu hakumpa yeyote kati yetu kila alichoomba. Alisema mdai ameshinda, hilo halina ubishi. Lakini barua haikuthibitishwa kunifikia, malipo yalifanyika kabla ya kusikizwa, na hakuona sababu ya kutoa amri maalumu. Gharama za wakili akazikataa. Ada ya korti ya kufungua kesi na malipo ya kupeleka samansi akaagiza nilipe, kwa kuwa kanuni inagusa gharama za wakili tu na pesa hizo mdai alikwisha kuzitoa mfukoni. Sababu zote alizisoma na zikaandikwa kwenye kumbukumbu. Hilo ni muhimu kuliko linavyoonekana, kwani anayemnyima mshindi gharama bila kutaja sababu anaipa korti ya rufaa njia rahisi ya kutengua amri yake.

Nimeulizwa na fundi mwenzangu kama naye anaweza kufanya hivi. Yeye alipokea barua, akaiweka kwenye droo, na ameandika majibu ya kukana deni lote. Nilimwambia ukweli: kwa kesi yake njia hii haipo, na kila siku anayoendelea kukana inaongeza bili. Kilichobaki kwake ni kulipa mapema na kujadiliana kuhusu kiasi cha gharama, na wasipoelewana bili itakadiriwa na korti kwa viwango vya kanuni, si kwa kile wakili alichoandika kwenye barua yake.

Kwangu mimi siku 30 za kukata rufaa zilipita bila wao kukata. Nililipa ada zile mbili, nikachukua risiti, nikamwomba karani aandike kwenye faili kwamba amri imetekelezwa.