Dakika nane mbele ya bodi: nilivyoeleza kuhamishwa kwa mfumo wa chama chetu

Aliyenishauri nianze na mchoro wa seva alinipotezea muda, na naandika haya kwa sababu wengi bado wanapewa ushauri huo huo. Mimi ndiye ninayeshughulikia kompyuta katika chama kimoja cha akiba na mikopo hapa Malindi. Wanachama wetu ni wavuvi, walimu, akina mama wa sokoni na wafanyakazi wa hoteli, kuanzia mjini mpaka Mambrui na Gongoni. Mfumo wetu wa hesabu ulikuwa kwenye seva moja ya ofisini inayotumia Windows Server 2012 R2, na ilikuwa lazima uhamishwe. Bodi ikanipa dakika nane, baada ya ripoti ya mikopo na kabla ya sala ya adhuhuri. Hakuna mjumbe hata mmoja aliyesomea kompyuta, na wote wanajua mambo ya pesa kuniliko.

Kabla yangu, kampuni iliyotuuzia mfumo mpya ilimleta mtu wake. Kijana nadhifu, ana projekta na slaidi za rangi. Alizungumza karibu dakika arubaini: hifadhidata, wingu, tabaka hili linaongea na tabaka lile. Nilikaa nyuma nikiwatazama wajumbe. Mzee mmoja alivua miwani akaifuta, akaivaa, akaivua akaifuta tena. Mama mmoja aliandika mstari mmoja tu kwenye daftari lake. Mkutano ulipokwisha nilimuuliza, "Mama, uliandika nini?" Akanionyesha: *Pesa za watu je?* Mwenyekiti alimshukuru mgeni, akasema bodi itatafakari. Kutafakari huko kukachukua miezi, na seva ikaendelea kuzeeka.

Basi dakika zangu zote nilizijenga juu ya swali la yule mama. Mchoro niliuacha. Projekta sikuigusa. Nilibeba karatasi moja kwa kila mjumbe, na hiyo karatasi ndiyo iliyofanya kazi kubwa kuliko maneno yangu.

Kabla sijaifikia, niseme kuhusu ushauri mwingine nilioukataa. Wa kwanza ni kuwatisha. Rafiki yangu wa Mombasa aliniambia, "Waambie seva itazima wakati wowote, watasaini hapo hapo." Si kweli, na mjumbe akipita ofisini wiki ijayo akaikuta inafanya kazi, hatakuamini tena. Ukweli ni huu, na nilivyousema ndivyo ulivyo: mwenye programu ya Windows inayoendesha seva yetu aliacha kutoa marekebisho ya usalama ya kawaida tarehe 10 Oktoba 2023. Mashine inaendelea kufanya kazi. Ila likipatikana tundu jipya la kuingilia wezi, sisi halitazibwa, isipokuwa kwa kulipia huduma ya nyongeza ambayo nayo ina mwisho wake, Oktoba 2026. Sentensi tatu, bila kutia chumvi, na hakuna aliyenibishia.

Ushauri wa pili ni ule wa kufananisha na kuhama nyumba. Nilipofanya mazoezi mbele ya mhasibu wetu niliujaribu, naye akauliza papo hapo, "Si tuhame basi kidogo kidogo? Leo vyombo, kesho vitanda." Hapo nikaona hatari yake. Ukihama nyumba ukasahau sufuria unarudi kuichukua. Akaunti ya mwanachama haiwezi kupokea pesa huku na huku kwa siku moja, na ipo saa ambayo ikishapita, kurudi nyuma kuna gharama kubwa. Saa hiyo ndiyo jambo kubwa ambalo bodi inapaswa kulielewa, na mfano wa nyumba unaificha. Nikaufuta.

Sasa karatasi. Wiki chache kabla ya mkutano tulifanya jaribio: tukachukua nakala ya data, tukaihamishia kwenye mfumo mpya usiotumiwa na mtu, tukalinganisha. Safu tatu: mfumo wa zamani, mfumo mpya, tofauti. Mistari minne: idadi ya wanachama, jumla ya akiba, jumla ya hisa, jumla ya mikopo inayodaiwa. Mikopo ilikubaliana. Hisa na akiba hazikukubaliana, na wanachama wa mfumo mpya walikuwa pungufu. Upande wa akiba pengo lilikuwa kama laki mbili hivi.

Mtu wa kampuni alitaka nisipeleke karatasi hiyo mpaka tofauti iwe sifuri. Nilikataa katakata. Niliipeleka hivyo hivyo, pengo likiwa limezungushiwa kalamu nyekundu, na sababu yake imeandikwa chini. Mchota data alikuwa amechukua akaunti zenye alama ya kutumika peke yake, akaziacha zile zilizolala. Bi mweka hazina aliitazama, akasema kabla sijamaliza, "Hawa ni marehemu na waliohama. Warithi wao wanakuja kila mwaka." Alilijua pengo lile kuliko aliyeandika programu. Tangu dakika ile bodi iliacha kunitazama kama mtu wa mashine, ikaanza kuijadili karatasi kama hesabu, na hesabu ndiyo lugha yao.

Maneno yenyewe nilianza na ombi, si historia. Nilisema: "Mwenyekiti na wajumbe, naomba mambo mawili leo. Ofisi ifungwe Jumamosi saa sita mchana na ifunguliwe Jumatatu saa mbili asubuhi. Na Bi mweka hazina awepo ofisini Jumapili alasiri, kwa sababu yeye ndiye atakayeamua kama tunaendelea au tunarudi." Ukianza na ombi, kila kinachofuata wanakisikiliza wakijua wanatakiwa kuamua nini. Ukiliweka mwisho, wanakusikiliza wakijiuliza unataka pesa ngapi. (Pesa zilikuwa laki tatu na ushei, ziko kwenye bajeti, nilizitaja kwa sentensi moja.)

Kisha nikaeleza ile saa. Nilisema taratibu, na nikairudia: "Jumapili saa kumi alasiri tunatazama karatasi kama hii. Ikiwa tofauti si sifuri na hatujui sababu, tunauacha mfumo mpya, na Jumatatu tunafungua na wa zamani. Hakuna atakayepoteza kitu, kwa sababu hakuna aliyekuwa ameweka wala kutoa. Lakini keshia akishapokea pesa ya kwanza Jumatatu asubuhi, kurudi nyuma ni kuandika upya kwa mkono kila risiti ya siku ile." Nikanyamaza. Unyamavu ni sehemu ya dakika nane, upange. Mimi maneno yangu yalijaa dakika sita nikiyasoma kwa sauti huku simu ikihesabu, zilizobaki nikaziacha kwa maswali.

Jumla kukubaliana hakutoshi, na hili nililisema mwenyewe kabla halijaulizwa. Ukibadilisha kimakosa akiba ya Ali na ya Kadzo, jumla inabaki ile ile. Kwa hiyo pamoja na jumla tunatoa taarifa za akaunti moja moja: mikopo mikubwa kabisa, na nyingine zilizookotwa bila mpangilio. Na hapa ndipo nilipopata wazo ninalojivunia. Niliwaambia kila mjumbe Jumapili ataletewa taarifa ya akaunti yake mwenyewe, imetolewa kwenye mfumo mpya, ailinganishe na kitabu chake. Kila mmoja akawa mkaguzi. Kuna mambo mtu anayajua ya pesa zake ambayo hakuna programu itakayoyakagua.

Swali la M-Pesa lilikuja kama nilivyotarajia. Mzee wa miwani akauliza, "Mwanangu, mvuvi akituma akiba yake Jumamosi usiku mmefunga, pesa inaenda wapi?" Nilijibu, "Mzee, itaingia kwenye akaunti ya chama, na Jumatatu itaonekana kwenye kitabu chake." Sentensi fupi, lakini usithubutu kuitamka kabla hujaikagua. Kwetu kila malipo ya Paybill huulizwa kwanza kwenye seva yetu kama nambari ya mwanachama ni sahihi. Seva ikiwa imezimwa, kinachoamua ni mpangilio uliowekwa wakati wa kusajili anwani za seva yetu kwa Safaricom:

```
"ResponseType": "Completed"
```

Ikiwa hivyo, malipo yanapita hata seva isipojibu. Ikiwa `Cancelled`, yanakataliwa, na mvuvi wetu anaambiwa imeshindikana. Wetu ulikuwa `Cancelled`, tukaubadilisha. Upande wa pili wake ni kwamba na waliokosea nambari nao watapita, na pesa zao itabidi zitafutiwe mwenyewe kwa mkono kutoka kwenye taarifa ya malipo tunayopakua. Bodini sikusema neno hata moja la kiufundi kuhusu hili. Nilisema tu kwamba Jumatatu kutakuwa na malipo machache ya nambari zilizokosewa, na kwamba mhasibu atayashughulikia kabla ya kufunga. Ukitaja dosari ndogo inayojulikana, ikitokea haimshtui mtu.

Mwenyekiti aliuliza kwa nini tusifanye mwisho wa mwezi, hesabu zikishafungwa. Ni swali zuri, na wahasibu wengi wangelipendelea. Kwetu lakini mwisho wa mwezi ndipo makato ya mishahara ya walimu yanapoingia, na foleni inafika barabarani. Tukakubaliana wikendi ya katikati ya mwezi, mbali na siku za kuelekea Idi, maana wakati huo watu hutoa kuliko kuweka.

Azimio lilipita. Nilichomwomba katibu, na nawahimiza wenzangu mkiombe, ni kuandika ile saa kwenye kumbukumbu za mkutano neno kwa neno: Jumapili saa kumi alasiri, na jina la cheo cha anayeamua. Bila hivyo, Jumapili yenyewe mkiwa mmechoka kila mtu atasema tuendelee tu, tutarekebisha mbele ya safari.

Siku ilipofika, saa kumi ilitukuta na tofauti ya mwanachama mmoja. Akiba, hisa na mikopo zote sifuri. Mtu wa kampuni akasema ni jambo dogo. Bi mweka hazina akafungua kumbukumbu za mkutano, akasoma: si sifuri *na hatujui sababu*. Akataka sababu. Tukaitafuta, tukaikuta haraka: mtu aliyesajiliwa mara mbili zamani, rekodi ya pili haina hata shilingi, na mfumo mpya haukubali nambari moja ya kitambulisho kutumika mara mbili. Akaandika sababu hiyo pembeni ya karatasi, akasaini. Mzee wa miwani alikuta kitabu chake kinalingana mpaka senti. Jumatatu malipo yaliyokosewa nambari yalikuwa machache, na mhasibu aliyamaliza kabla ya adhuhuri.