Asilimia 92 iliyokataliwa, na nukta 400 zilizokuja baadaye

Leo nimetoka kwenye kikao cha matengenezo nimechoka ila moyo umetulia, nikasema niandike kabla halijapoa. Miezi mitatu nyuma, chumba kilekile na watu walewale, nilitoka nimevurugwa kabisa, na kilichoniuma zaidi ni kwamba mzee alikuwa sahihi na mi ndo nlikuwa nimekosea.

Kazi yenyewe iko hivi. Kuna pampu 400, kila mwezi kama 20 hivi zinakufa ghafla. Zamani mafundi walikuwa wanakimbilia zilizokufa tu, afu ikaundwa timu ya ukaguzi inayoweza kufungua pampu 40 kwa mwezi kabla hazijafa. Swali likawa moja, zipi 40? Sisi watu wa data tukatengeneza modeli, yaani programu ya kutabiri inayosoma mtetemo, joto na historia ya matengenezo, kisha inataja 40 za kuanza nazo. Mwenye kuamua mafundi waende wapi ni mkuu wa matengenezo, wote tunamwita mzee, mtu aliyekaa na hizo pampu mpaka anazijua kwa sauti, na mpango wake ulikuwa kuanza na zenye umri mkubwa. Na anasema waziwazi kwamba haamini namba za kwenye projekta.

Slaidi yangu ya kwanza siku ile ilikuwa na maandishi makubwa katikati: usahihi asilimia 92. Chini yake mchoro wa ROC, ule wa kuonyesha modeli inavyotenganisha wazima na wagonjwa, na jedwali lenye desimali nne nne. Mzee akaangalia, akauliza taratibu tu, "Kijana, mwezi wa sita zimekufa ngapi?" Nikamwambia 20 mzee. "Kwa hiyo 380 hazikufa." Ndiyo. "Sasa mi nikikaa hapa nikasema mwezi huu hakuna pampu itakayokufa, nitakuwa sahihi asilimia ngapi?"

Piga hesabu mwenyewe, 380 kati ya 400 ni asilimia 95. Yaani mtu asiyefanya chochote anaipita modeli yangu kwa kipimo nilichokichagua mimi mwenyewe na kukiandika kwa herufi kubwa kuliko zote.

Na ile 92 haikuwa uongo. Mwezi wa sita modeli ilitaja pampu 40, kati ya hizo 14 zikafa kweli na 26 hazikufa, afu kuna 6 zilikufa na modeli haikuzitaja, kwa hiyo makosa ni 26 kujumlisha 6, jumla 32, zilizobaki 368 kati ya 400, hiyo ndo 92 yako. Shida ni kwamba kitu kinachotokea mara chache kikipimwa kwa usahihi wa jumla, wale wazima wengi wanameza kila kitu, na yule anayejaribu kutafuta wagonjwa anaadhibiwa kwa kila safari ya bure wakati asiyetafuta haguswi. Hili nilikuwa nalijua darasani, kabisa, ila nikaliweka kwenye slaidi hivohivo kwa sababu 92 inapendeza machoni.

Usiku ule ndo nikaelewa kitu kuhusu mzee. Tulikuwa tunasema haamini namba, kumbe ametoka kupiga hesabu kichwani haraka kuliko chumba kizima. Anachokataa ni namba ambayo hawezi kuifuata kurudi nyuma mpaka kwenye pampu. Asilimia 92 haina pampu ndani yake, huwezi kuuliza "ipi hiyo?"

Nikafuta slaidi zote. Mpya ya kwanza niliyotengeneza ina nukta 400, kila nukta ni pampu moja, zimegawanywa mafungu mawili. Kushoto 40 zilizotajwa na modeli, kulia 360 zilizobaki. Iliyokufa imejazwa wino, iliyopona ni duara tupu. Kushoto unaona 14 nyeusi na 26 tupu, kulia unaona 6 nyeusi zimetawanyika kwenye bahari ya tupu. Chini yake picha ileile, ukubwa uleule, ila safari hii 40 za kushoto zimechaguliwa kwa umri kama mpango wa mzee: nyeusi 5 kushoto, 15 kulia. Hamna asilimia hata moja. Kichwa cha slaidi ni sentensi: "Mafundi wakifungua 40 kwa orodha ya modeli wanazikuta 14 kati ya 20, wakifuata umri wanazikuta 5." Gigerenzer na Hoffrage walionyesha mwaka 1995 kwamba watu wanafikiri vizuri zaidi kuhusu uwezekano ukiwapa idadi, kama 14 kati ya 20, badala ya asilimia, ila mi nadhani kuna lingine pia, nukta inaweza kuulizwa jina.

Nikazingatia vitu viwili pale. Kwanza safari za bure 26 zionekane wazi, kubwa kama zile 14, maana mzee ndo atakayeulizwa na mafundi kwa nini wamefungua pampu nzima. Pili mwezi mmoja hautoshi, unaweza kuwa bahati. Kwa hiyo slaidi ya pili ina miezi sita, Januari mpaka Juni, mistari midogo sita kwenye kipimo kimoja: modeli 11, 13, 9, 15, 10, 14, na umri 6, 4, 7, 3, 5, 5. Machi ni 9 kwa 7, karibu sare, na kuna mwenzangu alishauri tuanzie Aprili "ili ujumbe usichafuke". Nilikataa. Mtu mwenye mashaka akikuta mwezi mbaya umeonyeshwa anatulia, akiugundua mwenyewe baadaye umekwisha. Pembeni nikaandika kwa maneno ya kawaida kwamba modeli ilifunzwa kwa data ya mpaka mwisho wa Desemba na hiyo miezi sita haikuiona, kwa sababu hilo ndo swali la kwanza la mtu makini hata kama hajui kuliuliza kwa lugha yetu.

Slaidi ya tatu ndo nliiogopa: zile 6 zilizokosewa mwezi wa sita, kwa namba ya kila pampu, tarehe iliyokufa, na modeli ilisema nini juu yake. Kuna utafiti wa Dietvorst, Simmons na Massey wa 2015 unaoonyesha watu wakiona mashine inakosea wanaitupa haraka kuliko wanavyomtupa binadamu mwenye makosa makubwa zaidi, kwa hiyo kuanika makosa ni hatari kweli. Ila mzee alipoiona aliinuka akasogea mpaka kwenye skrini. Mbili akasema zilifungwa sili mbovu wiki moja kabla, hakuna modeli ingejua. Ile slaidi ilichukua dakika ishirini na tano na mi niliongea labda tatu.

Watafiti walewale walikuja na jingine lililochapishwa 2018, kwamba mtu akiruhusiwa kubadilisha utabiri hata kidogo tu anakuwa tayari zaidi kuutumia. Hilo nikaliingiza kwenye dashibodi, ule ukurasa unaoonyesha modeli imetaja pampu zipi. Ya kwanza ilikuwa na kile kidude kama spidomita cha "hatari ya mfumo" na kila pampu ina alama kama 0.7342, vyote nikaondoa. Spidomita haimwambii fundi aende wapi, na hizo desimali zinadai uhakika ambao modeli haina. Badala yake ni orodha tu, inayotosha karatasi moja kwa sababu mafundi wanaiprinti, na alama ikawa makundi matatu yenye maneno, mfano "katika kumi kama hii, nne zilikufa". Ukiandika hivo lazima kwanza uhakikishe ni kweli, yaani uchukue zote zilizowahi kuingia kundi lile kwenye data ambayo modeli haikuiona uhesabu kama kweli ni karibu nne kwa kumi, maana alama ghafi ya modeli mara nyingi haiendani na hali halisi mpaka uisawazishe. Kila mwezi nahesabu upya.

Afu zile nafasi 40 tukazigawa. Modeli 30, mzee 5 anazochagua mwenyewe, na 5 zinachaguliwa kwa kura ya bahati nasibu kutoka kwenye ambazo hakuna aliyezitaja. Hizo za kura ziliulizwa sana, ni upotevu wa nini. Sababu ni kwamba dashibodi ikishaanza kutumika inaharibu ushahidi wake yenyewe. Pampu inatajwa, fundi anabadilisha beringi, pampu haifi, mwisho wa mwezi mtu anasema "mlisema itakufa, mbona haijafa?" Kila mafanikio yanaonekana kama kengele ya bure. Kweli mwezi wa kwanza mtu wa fedha alisema hivohivo. Kwa hiyo hatuhesabu tena zilizokufa, tumeongeza safu ya "fundi amekuta nini", beringi imelika, sili inavuja, au hamna kitu, na fundi anajaza bila kuambiwa pampu imechaguliwa na nani. Zile za kura ndo zinatuambia ukifungua tu yoyote unakuta ubovu mara ngapi.

Leo ndo nimeonyesha miezi mitatu, mistari mitatu ya nukta. Modeli pampu 90, ubovu umekutwa 31. Kura 15, ubovu 1. Mzee 15, ubovu 6. Ukigawanya, mzee yuko juu kidogo kuliko modeli, na nimeiweka hivo bila kuifichaficha, ila nikasema pia kwamba kwenye 15, nukta moja au mbili zikihama picha inabadilika. Akatikisa kichwa, hilo alilijua.

Nikamuuliza hizo sita alizijuaje. Akasema wakati wa kuwasha, sekunde za mwanzo, kuna mlio kama chuma kinasaga afu unapotea. Nimeenda kuangalia data yetu ya mtetemo, tunahifadhi wastani wa kila saa. Sekunde kumi za kelele ndani ya saa nzima zinafutika zisionekane. Kesho naongea na wanaoshughulika na vihisi vya mtetemo nijue kama wanaweza kututunzia kilele cha mtetemo kila pampu inapowashwa, na kama wataweza, mzee amesema atakaa na mimi tupitie pampu zake sita moja moja tuone kama kilele kinaonekana pale anaposikia.