Siku moja ya kupanga vikapu kwa picha, Kasese, magharibi mwa Uganda

Saa 2 asubuhi. Leo kuna vikapu 24 vya kupangwa kwa ubora, vikigombea nafasi 8 kwenye katalogi ya ushirika wa wasusi. Vyote ni bapa, vya kuwekea matunda au kutundika ukutani, na upana wake ni kama sentimita 30. Ndani ya kila duru kuna kiini cha mabua membamba ya ulezi, na juu yake rafia iliyozungushwa na kushonewa kwenye duru iliyotangulia. Vile vyenye mfuniko vimewekwa kando, vitapangwa siku yake. Ukichanganya aina mbili, jicho huanza kulinganisha maumbo badala ya ususi.

Picha hupigwa saa hii kwa sababu ya jua. Tuko karibu kabisa na ikweta, na saa 7 mchana jua huwa karibu utosini. Kikapu kilicholazwa chini wakati huo hakina vivuli, kwa hiyo duru iliyovimba na duru iliyonyooka huonekana sawasawa. Jua la asubuhi linapita ubavuni, na kila mshono unatupa kivuli chake kidogo. Vikapu vyote hulazwa mahali pamoja, mwanga ukitokea kushoto, na kazi yote humalizwa ndani ya saa moja. Kikapu kilichopigwa asubuhi hakishindanishwi na kilichopigwa alasiri.

Kila kikapu hupigwa picha 4: mbili za juu, moja ya mdomo kwa ubavu, moja ya nyuma. Mpiga picha husimama juu ya benchi, simu ikiwa mita moja na nusu juu ya kikapu, na huvuta picha mara 2. Simu ikisogezwa karibu sana, lenzi yake pana huvuta kingo, na kikapu cha duara hutoka kama yai. Kabla ya picha ya pili ya juu, kikapu huzungushwa robo, simu ikibaki vilevile. Hapo ndipo ubishi mwingi unapoisha. Ikiwa urefu wa yai umebaki upande uleule wa picha, kosa ni la simu. Ukigeuka pamoja na kikapu, kosa ni la msusi. Rula huwekwa pembeni, ndani ya picha.

Saa 3. Picha zinahamishwa kwa waya hadi kwenye kompyuta. Zikitumwa kwa WhatsApp kama picha za kawaida hubanwa, na mishono midogo hugeuka ukungu. Asiye na waya azitume kama faili. Majina ya wasusi yanafunikwa, inabaki namba tu. Anayepanga akijua kikapu ni cha nani, huyo ameshapanga kabla ya kuangalia.

Saa 4. Kupanga kunaanza. Kulinganisha vikapu 24 viwili viwili, kila kimoja na kila kingine, ni mara 276, na mtu hachukui muda kuchoka. Njia yetu ni kugawa kwanza mafungu matatu ya vikapu 8, kwa kutazama haraka. Ndani ya fungu la vikapu 8 jozi ni 28 tu, na hizo zinaangaliwa kwa makini. Kisha vikapu viwili vya chini vya fungu la juu hulinganishwa na viwili vya juu vya fungu linalofuata, kwa sababu mtazamo wa haraka hukosea hasa mipakani. Wapangaji ni wawili, kila mmoja na karatasi yake, bila kuzungumza.

Ususi huangaliwa kwanza, usawa pili, umaliziaji mwisho. Sababu yake ni rahisi: nyuzi zinazochomoza nyuma hukatwa kwa mkasi kwa dakika tano, lakini duru iliyovimba haitengenezeki bila kufumua kikapu. Kisicho na dawa ndicho kinachoamua nafasi.

Kwenye ususi tunatafuta mianya, yaani mahali ambapo kiini kinachungulia kati ya mshono na mshono. Mara nyingi rafia ilipasuliwa nyembamba mno, au ilishonwa ikiwa kavu na haikukaa vizuri. Kwenye usawa tunahesabu duru zilizomo katika sentimita 5 za rula, mahali pa namba 12, 3, 6 na 9 kama kwenye uso wa saa. Kikapu kizuri hutoa 10, 10, 11, 10. Kibovu hutoa 8, 11, 9, 12. Tofauti hiyo hutoka kwenye mabua: msusi anayeongeza bua mojamoja kabla kiini hakijapungua hupata unene mmoja, na anayesubiri kipungue ndipo achomeke matano kwa pamoja hupata uvimbe, kisha mahali pembamba, kisha uvimbe tena. Picha ya ubavu huonyesha jambo jingine. Mdomo unaopanda na kushuka kama wimbi una duru za nje zilizolegea. Kikapu bapa kilichojikunja kama bakuli kilivutwa mno.

Saa 7, karatasi zinawekwa pamoja. Nyingi zinakubaliana. Namba 9 na namba 17 hazikubaliani hata kidogo: mmoja ameiweka namba 9 ya 15 na namba 17 ya 4, mwingine karibu kinyume chake.

Namba 9 ni ya rafia nyeusi, namba 17 ni ya rafia isiyotiwa rangi. Hapo pana mtego unaowanasa hata wazoefu. Bua la ulezi ni jeupejeupe. Chini ya rafia nyeusi, mwanya wa nusu milimita unang'aa kama nyota. Chini ya rafia ya rangi yake ya asili, mwanya mara mbili ya huo unapotea kabisa. Kwa hiyo picha zote mbili zinakuzwa na mianya inahesabiwa katika kipande kilekile, sentimita 5 kwa 5 karibu na mdomo. Namba 9 ina 6. Namba 17, ukifuata vivuli badala ya rangi, ina 14.

Namba 9 ilikuwa imelaumiwa pia kwa "kukatika" kwa mstari wa zambarau. Hilo si kosa. Duru ni mzunguko usiofungwa, kama konokono, na mstari wa rangi unaoufuata lazima uonyeshe ngazi ya duru moja pale rangi inapoanza na kuisha. Kosa ni ngazi ya duru mbili, au, kwenye pambo la nyota, ncha zisizolingana upana.

"Sasa dada, na huu mwisho wake?" anauliza mpangaji mmoja, akimwonyesha mwenzake mdomo wa namba 9. Duru ya mwisho inatakiwa kupunguzwa mabua polepole mpaka ipotee. Hii imekatwa ghafla, imeacha kibonge. Ni kosa la umaliziaji, na msusi anaweza kufumua sehemu ndogo ya mwisho na kuipunguza upya. Namba 9 inapanda hadi ya 6, namba 17 inashuka hadi ya 13.

Saa 9. Vikapu vya nafasi 8 za juu vinatolewa stoo vyenyewe, kwa yale ambayo picha haiyaoni. Kitambaa cheupe kilicholowa kinasuguliwa juu ya rangi mara kumi. Kikitoka na zambarau, kikapu hakiingii katalogi hata kama ni cha kwanza. Kinanuswa: harufu ya unyevu ni dalili ya ukungu ndani ya mabua, hata kama madoa meusi hayajatokea nje. Leo kimoja kimeanguka kwa rangi, na kilichoshika nafasi ya 9 kinapanda kuziba pengo.

Saa 10 na nusu, namba zinafunuliwa majina. Kwa kila kikapu kilichokosa nafasi linaandikwa kosa moja tu, na mahali lilipo: "uvimbe, upande wa namba 3 ya saa, duru ya 20 toka katikati." Msusi wa namba 9 anapelekewa kikapu chake pamoja na mabua machache na rafia nyeusi, mdomo urekebishwe kabla picha ya katalogi haijapigwa.