Nilivyokata video ya sendofu baada ya kuhangaika na programu ya maandishi

Shangazi aliniomba kipande cha mama anampa dada wosia kwenye sendofu, dakika na nusu hivi, na video yenyewe ni dakika 48. Mi nikaona rahisi, nikaipakia kwenye programu ya akili mnemba ya maandishi tu, ile huwa naandikia barua, nikijua itanirudishia klipu. Yakaja maandishi matupu, faili hakuna.

Nikampigia binamu yangu, anaediti video za harusi. Akaniambia chukua klipu yoyote fupi uifungue kwa Notepad. Nikafungua, juu kabisa nikaona ftypmp42, baada ya hapo vurugu tupu, alama hazisomeki. Akasema umeona, hiyo sio maandishi. Ndani ya MP4 picha na sauti zimebanwa, na fremu nyingi, yaani zile picha moja moja za video, hazijitegemei, zinahifadhi tu kilichobadilika kutoka fremu za jirani, picha kamili inakuja mara moja moja. Yangu ina fremu 25 kwa sekunde, yaani fremu 72,000, na kila moja ina nukta kama milioni mbili. Kukata lazima iwepo programu ya kusoma hayo yote, kuchagua kipande, ikibidi kukifumua na kukibana upya, na kuandika faili jipya kwenye diski. Programu inayopokea herufi na kutoa herufi haina hata moja ya hizo kazi. Inaweza kukuandikia amri ya kukata, ila wa kuiendesha ni kompyuta. Na zile zinazokata kweli zimeungwa na programu nyingine nyuma, hiyo ndo inafanya kazi.

Basi nikaweka ffmpeg, programu ya kukata video kwa amri, kwenye laptopu, binamu akanitumia hii:

```
ffmpeg -ss 00:12:40 -i sendofu.mp4 -t 95 -c copy wosia.mp4
```

Ikaisha ndani ya sekunde chache maana `-c copy` haifumui kitu, inahamisha vilevile ilivyo. Shida ikawa mwanzo, kwenye simu yangu picha ilianza mapema, mama hata maiki hajashika, na kwenye simu ya mdogo wangu ikaganda kwanza ndo ikaenda. Ni zile fremu, dakika ya 12:40 haikuangukia kwenye picha kamili kwa hiyo ikarudi nyuma kuitafuta. Kama klipu yako inaanza hivyo usidhani faili limeharibika. Nikabadilisha:

```
ffmpeg -ss 00:12:40 -i sendofu.mp4 -t 95 -c:v libx264 -crf 20 -c:a aac wosia2.mp4
```

Hii inabana upya, kwa hiyo feni ya laptopu ilipiga kelele na nikasubiri zaidi, na ubora unapungua kidogo sana, mi kwa macho sikuona tofauti (ukiongeza namba ya `-crf` faili linakuwa dogo ila picha inachafuka). Safari hii ikaanza palepale mama anaposema "mwanangu", nikamtumia shangazi usiku huohuo.