Apu ya Madeni Iliyotaka Simu Yangu Yote

Duka langu liko Kawangware, na kwa miaka 11 madeni ya wateja nimekuwa nikiyaandika kwenye kaunta buku. Mwezi Machi, kijana anayeniletea mikate alinikuta nikipekua kurasa kutafuta deni la mtu aliyekuwa amesimama pale pale akisubiri. "Mama, kazi hii siku hizi inafanywa na simu," akasema, na kabla hajaondoka alikuwa amenitumia faili kwa WhatsApp, pamoja na maelezo yake. Ilikuwa apu ya madeni: unaandika jina la mteja na kiasi, nayo inamkumbusha siku ikifika. Tena ya bure.

Sikuifungua siku hiyo. Mwaka 2021 nilikopa shilingi 4,000 kwenye apu moja ya mikopo, nikachelewa kulipa kwa siku sita. Siku ya saba shemeji yangu wa Bungoma akapigiwa simu na mtu asiyemjua, akaambiwa anihimize nilipe. Shemeji hakuwa mdhamini wangu. Namba yake ilikuwa kwenye simu yangu tu, nami siku ya kwanza nilikuwa nimebonyeza "Allow" kila nilipoulizwa, bila kusoma. Niliifuta ile apu jioni hiyo hiyo, lakini watu wangu waliendelea kupigiwa, kwa sababu majina na namba zao zilikuwa zimeshafika kwa wenye apu. Ukiondoa ruhusa unazuia ya kesho, ya jana yameshakwenda.

Tangu 2023 Play Store hairuhusu apu za mikopo ya watu binafsi kusoma majina na picha zilizo kwenye simu. Lakini faili ya WhatsApp haipitii Play Store, kwa hiyo ukaguzi ulikuwa juu yangu.

Jumapili mchana, duka likiwa limetulia, niliiingiza kwenye simu bila kuifungua. Hilo linawezekana. Kuanzia Android 6, iliyotoka 2015, apu ya kisasa haipewi majina, ujumbe wala mahali ulipo kwa sababu tu imeingia kwenye simu. Ni lazima ikuulize ikishafunguka. Nikabonyeza ikoni yake kwa muda mrefu, nikaingia "App info", kisha "Permissions". Chini ya "Not allowed" kulikuwa na kamera, majina, mahali na SMS. Nikabonyeza vile vidoti vitatu vya juu, nikachagua "All permissions", na humo nikaona maneno "have full network access". Ruhusa hiyo ya intaneti huwa haiulizwi. Ina maana kwamba chochote nitakachoikubalia apu kusoma, inaweza pia kukituma nje.

Nilichukua kaunta buku, nikaandika ruhusa hizo nne upande mmoja, na upande wa pili kitufe ambacho mimi mwenyewe ningekibonyeza kinachoihitaji. Kamera ilipata jibu mara moja, kupiga picha ya risiti. Mahali, kwa yale maelezo ya WhatsApp, ilikuwa "kuona wauzaji wa jumla walio karibu", jambo ambalo sikulihitaji. Wauzaji wangu nawajua hadi watoto wao.

Majina yalinichukua muda zaidi, kwa sababu sababu yake ilisikika vizuri. Apu ya wateja si inataka majina ya wateja? Mpwa wangu, anayetengeneza simu pale Luthuli, ndiye aliyenifungua macho. "Shangazi, simu ina dirisha lake la kuchagua mtu," akaniambia. "Apu inaliomba, wewe unagusa jina moja, nayo inapata hilo moja tu. Haihitaji ruhusa ya orodha nzima." Kwa hiyo kazi ya kuchagua mteja ipo, ila haihitaji fundi, kasisi na shemeji wa Bungoma.

SMS ndiyo iliyonipa shida. Kukumbusha wateja ndiyo kazi yenyewe ya apu, kwa hiyo kutuma ujumbe kulielekea kuwa halali. Tatizo ni kwamba kwenye Android kutuma na kusoma SMS viko kundi moja, na swali linalotokea ni moja: je, unairuhusu "to send and view SMS messages"? Huwezi kukubali kutuma ukakataa kusoma. Na maelezo yake yalisema kwamba inasoma ujumbe wa M-Pesa ili ifute deni mteja akilipa. Sikatai, ni jambo tamu. Lakini simu haina njia ya kuipa ujumbe wa M-Pesa peke yake. Inapata wote: zile namba za siri za benki za kuingilia akaunti, salio langu, na ya nyumbani. Na ujumbe ikiutuma yenyewe, unakatwa kwenye kredi yangu. Mpwa akaniambia hata hapo kuna njia nyingine: apu inaweza kufungua sehemu ya SMS na maneno yakiwa yameshaandikwa, mimi nikabonyeza kutuma. Hiyo haihitaji ruhusa yoyote.

Karatasi ikiwa mkononi, nikaifungua. Iliomba kila kitu mfululizo kabla sijaona hata ukurasa mmoja wa madeni, na hiyo peke yake ilinitia shaka; ya kamera ingengoja hadi nitake picha. Kamera nikaipa "Only this time". Mahali, "Don't allow", nayo ikaendelea bila neno. Majina nikakataa, ikauliza tena, nikakataa tena. Baada ya mara mbili simu yenyewe huacha kuonyesha swali, kwa hiyo apu ikaleta ukurasa wake: nenda "Settings" uwashe, bila hivyo huduma haipatikani. Hakukuwa na kitufe cha kuruka.

Hapo nilikuwa na jibu langu. Daftari la madeni linaweza kuandika "Otieno, 350" bila kujua mtu mwingine yeyote ninayemjua. Kama linagoma, basi orodha ina kazi nyingine. Nilipotafuta ndani ya masharti yake nikakuta mstari unaosema taarifa za mtumiaji zitatumika "kutathmini uwezo wa mkopo". Kijana wa mikate hakuwa amelisoma hilo, na simlaumu.

Niliifuta, kisha nikarudi kwenye "Install unknown apps" na kuizimia WhatsApp ruhusa ya kuingiza apu, maana nilikuwa nimeiwasha kwa ajili ya ile faili na ingebaki wazi. Wiki iliyofuata nilipata nyingine Play Store. Kabla ya kuipakua nilisoma orodha ya ruhusa pale pale kwenye ukurasa wake, chini ya "About this app". Ile sehemu ya "Data safety" niliipitia pia, ila inajazwa na mwenye apu mwenyewe, kwa hiyo naipa uzito wa maneno ya muuzaji. Hii iliomba kamera, majina na arifa. Majina nikakataa, ikanionyesha kisanduku tupu cha kuandika jina kwa mkono.

Niliandika wateja 43 jioni moja. Malipo ya M-Pesa nayaingiza mwenyewe nikifunga duka, kama dakika kumi hivi, na siku za mwisho wa mwezi naichukia kazi hiyo. Kuhusu majina sijapoteza kitu. Kwenye daftari langu kuna "Mama Brayo wa ghorofa ya pili", "Yule wa bodaboda nyekundu" na "Mwalimu mrefu", na hakuna hata mmoja wao aliye kwenye orodha ya simu yangu.